Kodi Iliyojificha Ndani ya Bei: Namna ya Kuitoa Kwenye Kila Risiti

Mabibi na mabwana, wenye maduka, watunza hesabu, na ninyi mliokuja kwa sababu risiti zimejaa kwenye droo na tarehe ya kupeleka ritani inakaribia, asanteni kwa kufika.

Nitazungumzia hesabu moja tu. Bei imeandikwa rafuni, na Kodi ya Ongezeko la Thamani tayari imo ndani yake. Mteja analipa kile anachokiona. Baadaye mtu mmoja ofisini anaishika ile risiti na kujiuliza: katika fedha hizi, kodi ni kiasi gani? Mtu huyo ndiye niliyemjia leo. Jibu lake linachukua sekunde kumi kwenye kikokotoo, na hata hivyo ni hesabu inayokosewa kila siku, na watu wazima wenye akili zao, kwa njia ileile moja.

Katika mifano yangu nitatumia kiwango cha asilimia 18. Kama kwenu ni kingine, badilisheni namba; njia haibadiliki.

Tuchukue kitu kilichoandikwa bei ya 11,800, kodi ikiwa ndani. Mtu anabonyeza 11,800, anazidisha kwa asilimia 18, anapata 2,124. Anaandika kwenye daftari kwamba kodi ni 2,124 na kinachobaki dukani ni 9,676. Ukiitazama haraka, hesabu imekaa vizuri, kwa sababu namba mbili zile zinajumlika kuwa 11,800. Ndiyo maana kosa hili linaishi muda mrefu: halijitangazi.

Sasa irudishe mbele. Chukua 9,676 uiongezee kodi yake ya asilimia 18. Unapata 11,417 na senti kadhaa. Hukurudi kwenye 11,800 uliyoanza nayo. Kama bei kabla ya kodi ingekuwa kweli 9,676, basi rafuni pangeandikwa namba nyingine kabisa. Hilo ndilo jaribio la kwanza ninalowaomba mlizoee: ukishaitoa kodi, ipakie tena kwenye kilichobaki, uone kama unarudi kwenye bei ya rafuni. Usiporudi, umekosea.

Kosa liko wapi? Asilimia 18 haitozwi kwenye bei ya rafuni. Inatozwa kwenye bei kabla ya kodi. Bei hiyo ihesabuni kuwa ni mafungu 100. Kodi ni mafungu 18 juu yake. Kinachoandikwa rafuni, basi, ni mafungu 118. Ukishika bei ya rafuni mkononi, umeshika mafungu 118, na kodi ni 18 kati ya hayo 118, siyo 18 kati ya 100. Kwa hiyo gawanya 11,800 kwa 118, unapata 100, ambalo ndilo fungu moja. Lizidishe kwa 18: kodi ni 1,800. Lizidishe kwa 100: bei kabla ya kodi ni 10,000. Jaribu kurudi mbele: asilimia 18 ya 10,000 ni 1,800, jumla 11,800. Tumefika nyumbani.

Tazameni tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili. Ni 2,124 kutoa 1,800, yaani 324. Namba hiyo haikuja kwa bahati. 324 ni asilimia 18 ya 1,800. Aliyekosea ameitoza kodi juu ya kodi yenyewe. Kila anayezidisha bei ya rafuni kwa kiwango cha kodi hukosea kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo ukiikuta tofauti kwenye vitabu vya mtu na ikawa ni asilimia 18 kamili ya kodi sahihi, huna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Na ni fedha nyingi. Duka lililouza kwa mwezi bidhaa za 59,000,000, kodi ikiwa ndani ya kila bei, linadaiwa kodi ya mauzo ya 9,000,000. Kwa njia ya makosa litaandika 10,620,000. Mwenye duka anatoa mfukoni mwake 1,620,000 ambayo hakuna sheria iliyomdai. Akikosea hivyohivyo kwenye risiti za manunuzi yake, jambo linageuka: anadai arudishiwe kodi kubwa kuliko aliyolipa, na siku ya ukaguzi atatakiwa aeleze. Wapo wanaosema makosa ya pande mbili yanafutana. Hayafutani. Mauzo na manunuzi hayalingani, na hata yangelingana, kila namba kwenye ritani inasimama peke yake mbele ya mkaguzi.

Hiyo sehemu ya 18 kwa 118 ndiyo ya kushika. Ukitaka kuirahisisha, ni 9 kwa 59. Kila kiwango kina sehemu yake. Asilimia 16 ni 4 kwa 29. Asilimia 15, kama New Zealand, ni 3 kwa 23. Asilimia 10, kama Australia, ni 1 kwa 11; pale mtu anagawanya bei kwa 11 na kazi imekwisha. Asilimia 20, kama Uingereza, ni moja ya sita. Kanuni ni ileile: kiwango juu, 100 pamoja na kiwango chini.

Sasa tuje kwenye risiti halisi, kwa sababu risiti ya kitu kimoja ni rahisi na dunia haiko hivyo.

Mteja kanunua vitu vinne. Ndoo kubwa ya 23,600. Sabuni ya 14,750. Brashi ya 8,850. Na dawa za kumeza za 12,800. Jumla 60,000. Tuseme katika sheria inayolihusu duka hili, dawa zimesamehewa kodi, na vile vitu vitatu vinatozwa kiwango cha kawaida. Mtunza hesabu anaiona jumla ya 60,000, anaizidisha kwa 18, anaigawa kwa 118, anapata 9,152 na senti. Njia yake ni sahihi, lakini kaiweka mahali pasipo pake. Ndani ya 12,800 za dawa hakuna kodi ya kutoa. Kwa kuitafuta, kaunda kodi ya 1,952 ambayo hakuna mtu aliyeitoza.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kikokotoo, tenganisha. Mistari yenye kodi ni ndoo, sabuni na brashi: jumla 47,200. Gawanya kwa 118, unapata 400. Zidisha kwa 18: kodi ni 7,200. Bei yake kabla ya kodi ni 40,000. Dawa zinabaki 12,800 kama zilivyo. Risiti nyingi zinakusaidia hapa: pembeni ya kila mstari kuna herufi, na chini kabisa pana maelezo mafupi ya herufi hizo, ipi ni kiwango cha kawaida, ipi ni sifuri, ipi ni iliyosamehewa. Someni herufi hizo kabla ya kusoma namba. Kwa kazi yetu ya leo, kiwango cha sifuri na msamaha vinatoa jibu moja, kwamba ndani ya bei hakuna kodi. Kwa muuzaji vina tofauti kubwa, maana anayeuza kwa kiwango cha sifuri kwa kawaida huruhusiwa kurudishiwa kodi ya manunuzi yake, na anayeuza vilivyosamehewa haruhusiwi. Kwa hiyo msiziandike kwenye safu moja hata kama zote zinaonyesha sifuri.

Turudi kwa mteja wetu. Kabla hajalipa, keshia anampa punguzo la 6,000 kwenye jumla. Analipa 54,000. Hapa ndipo nimeona hata watu wenye uzoefu wanasita, na ni haki wasite, kwa sababu punguzo limekaa chini ya risiti na halisemi ni la kitu gani.

Ukiliacha punguzo pembeni na kuandika kodi ile ya 7,200, umeandika kodi ya fedha ambazo hazikulipwa. Ukiliondoa lote kwenye vitu vyenye kodi, unabaki na 41,200 na kodi ya 6,285, na sasa umeibania serikali, kwa sababu sehemu ya punguzo ilikuwa ya dawa. Punguzo lililotolewa kwenye jumla linagawanywa kwa uwiano wa bei. Hapa 6,000 ni sehemu ya kumi ya 60,000, basi kila mstari unapoteza sehemu yake ya kumi. Vitu vyenye kodi vinapoteza 4,720 na kubaki 42,480. Dawa zinapoteza 1,280 na kubaki 11,520. Jumlisheni: 54,000, ndicho alichotoa mteja. Kisha 42,480 gawanya kwa 118, unapata 360, zidisha kwa 18: kodi ni 6,480. Mpangilio ni huo, na haupinduliwi. Kwanza punguzo lifike kwenye mistari, ndipo kodi itolewe.

Niweke angalizo moja, maana kuna kitu kinachofanana na punguzo nacho si punguzo. Mteja akilipa sehemu ya bei kwa vocha aliyoinunua kabla, au kwa salio la kadi ya zawadi, bei haikushuka. Ile ni njia ya kulipa, sawa na noti. Kodi inabaki kwenye bei kamili. Angalieni mstari huo umeandikwa wapi kwenye risiti: punguzo hukaa juu ya jumla inayotakiwa kulipwa, malipo hukaa chini yake.

Sasa niwape kitu ambacho mimi binafsi nakithamini kuliko vyote vya leo, kwa sababu kinamwezesha mtu kuisoma risiti ya mwingine bila kuwa na kompyuta wala kumuuliza muuzaji. Chukua kodi iliyoandikwa kwenye risiti, igawanye kwa jumla iliyolipwa. Basi. Angalia namba inayotoka.

Ikitoka 0.1525, kila kitu kwenye risiti kilitozwa asilimia 18 na kodi imetolewa sawasawa, kwa sababu 18 kugawa kwa 118 ni 0.1525. Ikitoka ndogo kuliko hapo, kuna vitu visivyo na kodi vimechanganyika. Risiti yetu ni mfano: 6,480 kugawa kwa 54,000 ni 0.12. Wala hauishii hapo. Zidisha hiyo kodi kwa 118, gawanya kwa 18, na utapata ni kiasi gani cha risiti kilikuwa na kodi: 6,480 inakupeleka kwenye 42,480. Ukienda kwenye mistari na ukaikuta jumla hiyohiyo, risiti iko salama. Usipoikuta, kuna mstari umewekwa kwenye kundi lisilo lake, na tofauti ya namba mbili hizo mara nyingi inakuonyesha ni mstari upi, kwa sababu ni bei yake yenyewe.

Ikitoka 0.18 kamili, mashine au mtu kazidisha bei ya rafuni kwa kiwango, lile kosa letu la mwanzo. Na ikitoka yoyote iliyo kubwa kuliko 0.1525, pale ambapo kiwango cha juu ni 18 na bei zote zina kodi ndani, risiti hiyo haiwezi kuwa sahihi. Hakuna mchanganyiko wa bidhaa unaoweza kuifikisha huko. Ukiacha vijisenti vya kukadiria, ambavyo naja kuvisema sasa hivi, uirudishe kwa aliyeitoa.

Vijisenti. Tuseme kuna vitu saba, kila kimoja bei yake 1,000, na fedha yenu haina senti zinazotumika. Kodi ya kimoja ni 152.54. Mashine inayokadiria kila mstari inaandika 153, mara saba, inapata 1,071. Mashine inayokadiria jumla inachukua 7,000, inatoa kodi 1,067.80, inaandika 1,068. Tofauti ni 3, na hakuna aliyekosea hesabu. Kipimo ninachotumia ni hiki: kila mstari unapokadiriwa unaweza kupotoka kwa nusu, na jumla yenyewe kwa nusu nyingine. Mistari saba, basi, inaweza kutofautiana na jumla kwa hadi 4. Tofauti ya 3 naiacha ipite. Tofauti ya 40 kwenye risiti ya mistari saba siyo vijisenti, nami naitafuta. Namna ipi ya kukadiria inakubalika, hilo linaamuliwa na mamlaka ya kodi ya kila nchi. Cha kwenu ninyi ni kuchagua inayoruhusiwa na kubaki nayo mwaka mzima, msikadirie mistari Januari na jumla Februari.

Kwa wanaoingiza risiti kwenye kompyuta, usiiandike 18 ndani ya fomula. Weka bei baada ya punguzo kwenye safu ya B, kiwango kwenye safu ya C, na kwenye safu ya D andika hivi:

```
=ROUND(B2*C2/(100+C2),0)
```

Mstari wenye kodi unaandika 18 kwenye C. Mstari wa dawa unaandika 0, na fomula yenyewe inatoa sifuri. Mwishoni mwa fomula ile 0 ina maana hakuna senti. Kama fedha yenu ina senti mbili, andikeni 2.

Kuna swali nililoulizwa pale mlangoni kabla hatujaanza, na naona ni la wengi. Ndugu yetu mmoja ana risiti ya fundi mdogo, imeandikwa 35,400 na neno "imelipwa", basi. Anauliza kama anaweza kugawanya kwa 118 na kudai kodi yake ya 5,400. Hapana. Hesabu hii haiumbi kodi; inaifichua tu ile iliyokwishatozwa. Fundi ambaye hajasajiliwa kwa kodi hii hakutoza chochote, na 35,400 yote ni bei yake. Kabla ya kutoa kodi kwenye risiti, tafuta kwanza namba ya usajili wa kodi ya muuzaji. Isipokuwepo, weka kikokotoo chini. Na hata ikiwepo, risiti lazima iwe ya aina ambayo sheria ya nchi yenu inaikubali kwa madai.

Swali jingine lilihusu risiti zenye tozo mbili. Tuseme juu ya kodi ya asilimia 18 kuna tozo nyingine ya asilimia 2, na zote mbili zinahesabiwa kutoka bei ileile kabla ya kodi. Mafungu sasa ni 120: mia ya muuzaji, 18 ya kodi, 2 ya tozo. Mteja aliyelipa 12,000 kalipa kodi 1,800 na tozo 200. Lakini sheria ikisema kodi inatozwa juu ya bei iliyokwishaongezwa tozo, mafungu 120 hayatumiki tena. Hapo unarudi kwenye 18 kwa 118 ya kiasi chote, na kodi inakuwa 1,830 na nusu. Fedha ni zilezile, kiwango ni kilekile, jibu limebadilika kwa sababu ya mpangilio tu. Ushuru wa bidhaa kwa kawaida hufuata njia hii ya pili: unaingia kwanza kwenye bei, kisha kodi ya ongezeko la thamani inatozwa juu ya vyote. Kikokotoo hakiwezi kukwambia mpangilio huo. Unasomwa kwenye sheria, nanyi msome kabla ya kuandika fomula.

Nimalizie na bidhaa inayorudishwa. Mteja wetu wa ndoo na sabuni amerudi wiki ya pili, brashi imevunjika mpini. Brashi iliandikwa 8,850, lakini siyo alicholipa. Ile sehemu ya kumi ya punguzo iliigusa pia, kwa hiyo alilipa 7,965, na hicho ndicho anachorudishiwa. Kodi inayoondolewa kwenye vitabu ni 7,965 zidisha kwa 18, gawanya kwa 118, yaani 1,215, siyo 1,350 ambayo ingetoka kwenye bei ya rafuni. Na kama katikati ya wiki hizo mbili serikali imebadilisha kiwango cha kodi, kwenye risiti ya kurejesha mnatumia kiwango cha siku aliyonunua. Ndiyo sababu risiti ya kurejesha inapaswa kubeba namba na tarehe ya risiti ya kwanza. Bila hizo, anayeishika miezi sita baadaye hana namna ya kujua agawanye kwa ngapi.